Kubadilisha uso kwenye GIF: kwa mkono, kwa kufuatisha, au kwa programu inayotambua sura?

Tuchukue klipu moja ambayo karibu kila familia inayo. Shangazi yuko jikoni siku ya shughuli, mwiko mkononi, ameinamia sufuria ya pilau. Anaitwa, anageuka, anatoa macho. Sekunde mbili tu zimekwisha. Sasa mnataka kichwa kiwe cha bwana harusi, klipu ijirudie yenyewe, na iwe nyepesi kiasi cha kufunguka haraka hata kwa mtu ambaye bando lake liko ukingoni.

Kazi hii ina njia tatu zinazotumika kweli. Ya kwanza ni kubandika uso kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine, kwenye programu ya picha kama GIMP. Ya pili ni kubandika picha moja ya uso kwenye programu ya kuhariri video na kuifanya ifuate kichwa kinakokwenda. Ya tatu ni kutumia programu inayotambua sura na kuchora sura mpya juu yake yenyewe, kama FaceFusion. Watu hubishana ipi ni bora, na ubishi hauishi kwa sababu kila mmoja ana klipu yake kichwani. Hapa nazilinganisha zote tatu kwa klipu hiyo moja ya jikoni.

## Vigezo vinne

Kigezo cha kwanza ni uso wenyewe unavyokwenda. Unageuka upande? Unapitiwa na mkono au mwiko? Mdomo unasema kitu? Cha pili ni kiasi cha kazi, na kazi hapa hupimwa kwa idadi ya fremu unazopaswa kugusa. Cha tatu ni uzito wa faili mwishoni, maana kila njia huacha alama yake kwenye uzito, hata kama klipu ni ileile. Cha nne ni kifaa ulichonacho, pamoja na mahali picha za nyuso za watu zinakopitia.

Kabla ya hapo kuna hatua ambayo haijali umechagua njia gani.

## Chagua fremu kwanza, uso baadaye

Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Sekunde mbili ni fremu 60, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayebandika nyuso 60 kwa ajili ya kuchekesha grupu. Isitoshe, GIF yenyewe haipendi kasi hiyo. Muda wa kila fremu ndani ya GIF huandikwa kwa sehemu za mia moja za sekunde, hapa naziita mia tu, na kwa namba kamili pekee. Fremu 10 kwa sekunde ni mia 10 kila moja, inaingia sawasawa. Fremu 15 kwa sekunde ingekuwa mia 6 na theluthi mbili, haiandikiki, kwa hiyo programu hupokezana mia 6 na mia 7 na mwendo unakuwa na kigugumizi kidogo. Video ya fremu 30, basi, ishushe hadi 10, yaani fremu moja katika kila tatu. Kama chanzo ni cha fremu 25, chukua moja katika kila mbili, upate fremu 12.5, ambayo ni mia 8 kamili.

Programu ikikuchagulia yenyewe, itachukua kila ya tatu bila kuangalia ina nini. Jikoni taa ni hafifu, na kichwa kinapogeuka fremu nyingi zina ukungu wa mwendo. Kwa hiyo mimi hutoa fremu zote nje, nikaziangalia kwa macho, na katika kila tatu nikachukua iliyo kali kuliko wenzake. Kuhama kwa fremu moja huku au kule ni sehemu ya 30 ya sekunde, hakuna atakayeiona. Lakini uso mkali uliobandikwa juu ya kichwa chenye ukungu kila mtu ataushtukia.

```
ffmpeg -ss 3.2 -t 2 -i jikoni.mp4 -vf "crop=ih:ih,scale=640:640" zote%03d.png
```

Hii ni amri ya ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Inaanzia sekunde ya 3.2, inachukua sekunde mbili, inakata mraba wa katikati (simu ikiwa ililazwa wakati wa kurekodi) na kutoa picha za pikseli 640. Mwishoni tutashuka hadi 320, lakini kufanya kazi kwenye 640 kunasaidia: ukikosea pikseli moja wakati wa kubandika, kosa hilo litakuwa nusu pikseli kwenye matokeo.

Sasa tazama shangazi anafanya nini. Nusu sekunde ya kwanza ameinamia sufuria, hasogei. Sekunde nzima inayofuata anageuka. Nusu sekunde ya mwisho ametoa macho, ametulia. Kwa fremu 10 kwa sekunde hizo ni 5, kisha 10, kisha 5. Ila GIF inaruhusu kila fremu ikae muda wake. Zile 5 za mwanzo zinatosha kuwa moja inayokaa nusu sekunde. Zile 5 za mwisho zinatosha kuwa mbili, kila moja robo sekunde, ili macho yawe na uhai kidogo. Jumla zimebaki fremu 13 badala ya 60, na klipu bado ina sekunde mbili zilezile.

Kwa uzito, hesabu ni hii. Kabla ya kubanwa, kila pikseli ya GIF ni baiti moja. Fremu 60 za pikseli 480 kwa 480 ni baiti milioni 13.8 za kubana. Fremu 13 za 320 kwa 320 ni milioni 1.3. Umeshapunguza zaidi ya mara kumi na hujagusa rangi wala uso.

Kuhusu mzunguko: mwisho shangazi anatazama kamera, mwanzo anatazama sufuria, kwa hiyo klipu ikijirudia kuna kuruka. Kwa kichekesho kuruka huko mara nyingi ndiko kunakochekesha, nauacha. Ukitaka ulaini, rudisha zile fremu 10 za kugeuka kinyumenyume. Hutabandika uso mpya hata mmoja, lakini faili litakuwa na fremu 23, kwa sababu GIF haijui kusema "rudia fremu ya nane", huiandika upya. Umepunguza kazi, uzito umeongezeka. Na usifanye hivyo kwenye klipu ambayo kuna kitu kinamwagika, maana chai inayorudi kikombeni yenyewe inaiba kichekesho cha uso.

Jambo moja la mwisho kabla ya nyuso: kama chanzo chako ni GIF uliyoiokota mtandaoni, tafuta kwanza video yake. GIPHY na Tenor huwa na toleo la MP4 la klipu ileile. GIF imeshapunguzwa hadi rangi 256 na imejaa madoadoa, na madoadoa hayo yatakusumbua katika njia zote tatu.

## Njia ya kwanza: kubandika kwa mkono

Uso. Hapa wewe ndiye mwenye uamuzi. Mwiko ukipita mbele ya kidevu, unafuta kidevu kipite nyuma ya mwiko. Shangazi akiwa wa ubavu, unatumia picha ya bwana harusi ya ubavu. Kwa mgeuko kama huu utahitaji picha tatu za bwana harusi: ubavu, robo tatu, na ya mbele. Ukiwa na ya mbele pekee, ubavu wa shangazi utaonekana umevishwa sahani. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba kwa mkono unaweza kuhamisha kichwa kizima, pamoja na nywele, masikio na umbo la paji la uso. Watu humtambua mtu kwa vitu hivyo kabla ya kuangalia macho na pua.

Hasara kubwa ni mdomo. Kama mwenye klipu anaongea, uso uliobandikwa utabaki umefunga mdomo, na huwezi kuchora midomo 10 yenye kushawishi. Shangazi haongei, kwa hiyo tumepona.

Kazi. Fremu 13, nyuso 13. Kwenye GIMP tumia `File > Open as Layers`, chagua picha zako zote; kila fremu inakuwa leya, na leya ya chini kabisa ndiyo fremu ya kwanza. Bandika uso juu ya leya husika, ushushe mwonekano wake hadi asilimia 50, kisha ulinganishe mboni na mboni. Usilinganishe kidevu wala nywele, maana macho ya mtazamaji hukaa kwenye macho. Ukikadiria tu kwa kuangalia, uso utatetemeka juu ya shingo klipu ikianza kucheza. Zana ya `Unified Transform` inakupa kukuza, kuzungusha na kusogeza kwa pamoja. Ukimaliza, rudisha mwonekano, lainisha kingo kwa pikseli moja au mbili, uunganishe uso na leya ya fremu yake. Muda wa fremu unaandikwa ndani ya jina la leya, kwa mfano `mwanzo (500ms)`.

Uzito. Hapa ndipo mkono unapowashinda wenzake, ukitumia nafasi yake. Shangazi alirekodiwa na mtu aliyeshika simu, kwa hiyo ukuta, kabati na sufuria vinayumba kidogo katika kila fremu. GIF huokoa nafasi kwa kuandika tu sehemu iliyobadilika tangu fremu iliyotangulia, na kamera ikiyumba kila kitu kimebadilika. Kwenye GIMP unaweza kuchukua jiko la fremu ya kwanza, ukaligandisha, na kwenye fremu nyingine 12 ukabakiza kichwa na bega tu. Kichwa na eneo kinamocheza ni kama pikseli 140 kwa 150. Kwa hiyo unaandika fremu moja nzima na vipande 12 vidogo: pikseli kama 354,000 badala ya milioni 1.3. Picha inatulia pia, na jicho linakwenda usoni moja kwa moja.

Kifaa na faragha. Kompyuta yoyote ya kawaida inatosha, na hakuna picha inayotoka nje ya mashine yako. Kwenye simu inawezekana, lakini kulinganisha mboni kwa kidole ni adhabu.

Njia hii inamfaa mwenye klipu fupi, uso usioongea, na anayetaka faili dogo kuliko yote. Inawafaa pia wanaobadilisha uso wa kikaragosi cha kuchora, ambacho programu za kutambua sura mara nyingi hazikioni kama uso.

## Njia ya pili: kubandika kwa kufuatisha

Unaweka klipu kwenye programu ya kuhariri video, unaweka picha ya uso juu yake, kisha unaielekeza ifuate kichwa. CapCut na KineMaster za simu zinakuwezesha kuweka alama za mkao, zile almasi ndogo kwenye mstari wa muda, na programu hujaza katikati yake. Kdenlive ya kompyuta ina `Motion Tracker`, ambayo hufuata eneo ulilochagua na kukupa alama hizo zikiwa tayari.

Uso. Inafaa pale kichwa kinaposogea bila kugeuka: mtu anacheza ngoma akitazama kamera, anaitikia kwa kichwa, anarudi nyuma kwa mshangao. Kichwa kikizunguka, picha moja ya mbele haizunguki nacho. Inateleza tu juu ya shavu, na pua inaishia sikioni. Kwenye klipu ya jikoni njia hii inaanza kukwama katikati ya mgeuko. Dawa ni kuikata klipu vipande viwili, ubavu na mbele, kila kipande na picha yake, na mabadiliko yafanyike kwenye fremu yenye ukungu zaidi ambako hakuna atakayeyaona. Kwa hiyo kwa njia hii ile fremu mbaya unaitunza.

Mwiko ukipita mbele ya uso, utaingia chini ya picha uliyobandika, na kuuchomoa kunahitaji kukata kinyago fremu kwa fremu. Hapo umesharudi kwenye kazi ya mkono.

Kazi. Ni ndogo kuliko zote kwa klipu ndefu. Kosa la wengi ni kuweka almasi kwa umbali sawa, moja kila fremu tano. Ziweke pale mwendo unapobadilika: kichwa kinapoanza kuondoka, kinapofika juu kabisa, kinapotulia. Kwenye klipu ya mtu anayeitikia kwa kichwa mara tatu, almasi saba zilizokaa juu na chini ya kila mwitikio ni bora kuliko ishirini zilizotawanywa.

Uzito. Uko katikati. Uso wenyewe ni picha moja isiyobadilika, jambo ambalo GIF na video hulipenda. Lakini mandhari inabaki ileile inayoyumba, na programu nyingi za simu hutoa MP4 iliyobanwa, yenye chembechembe mpya zinazocheza kwenye ukuta ambao ulipaswa kutulia. Toa kwa ubora wa juu kabisa unaoruhusiwa, kisha upunguze mwenyewe baadaye. Ukibana mara mbili unabeba uchafu wa mara ya kwanza hadi ya pili.

Kifaa na faragha. Simu inatosha. Alama za mkao zinawekwa kwenye simu yenyewe. Baadhi ya vitu vya ziada katika programu hizi, hasa vya kukata mandhari, huhitaji intaneti, na hiyo ni dalili kwamba picha huenda inapelekwa kwingine.

Inamfaa mwenye simu tu, mwenye klipu ambayo sura imeelekea mbele muda wote, na ambaye hajali kuonekana kama kichwa kimebandikwa. Kwa kweli mtindo huo wa kichwa cha karatasi una washabiki wake, nami ni mmoja wao.

## Njia ya tatu: programu inayotambua sura

FaceFusion ni ya bure na huendeshwa kwenye kompyuta yako. Unaipa picha ya bwana harusi na klipu ya shangazi. Inatafuta sura katika kila fremu na kuichora upya.

Uso. Mdomo unaongea, macho yanapepesa, taa ya jikoni inakaa kwenye ngozi kama inavyopaswa. Hakuna njia nyingine inayokaribia hapo. Lakini elewa inabadilisha nini: macho, pua, mdomo na mashavu, si kichwa. Bwana harusi mwenye kipara na taya pana atavaa nywele na taya la shangazi. Matokeo ni mtu wa tatu anayefanana na wote wawili kidogo, na grupu litauliza "huyu nani?" Kama kichekesho kinategemea bwana harusi kutambulika mara moja, hii inaweza kuwa njia mbaya ingawa ndiyo safi kuliko zote.

Kuna kasoro mbili za kuangalia. Kwanza, uso ukiwa wa ubavu kabisa programu inaweza kuukosa, na fremu hiyo itatoka na sura ya asili. Klipu ikicheza kwa kasi utaona kama mweko tu, lakini ukiisimamisha, shangazi yuko pale. Pitia fremu moja moja kabla ya kutuma. Pili, mwiko au vidole vikipita mbele ya mdomo, sura mpya inaweza kuchorwa juu yake. Katika mipangilio ya vinyago washa `occlusion`, kisha angalia tena fremu hizo tu.

Watu hulalamika kwamba modeli ya `inswapper_128`, inayotumiwa na programu nyingi za aina hii, huchora uso wa pikseli 128 kwa 128 tu, kwa hiyo ukikuzwa una ukungu. Kwa video ya skrini nzima wako sahihi. Kwa GIF ya pikseli 320 uso wenyewe hauzidi 130, na lawama hiyo haikuhusu.

Kazi. Ni ndogo kwa mikono, kubwa kwa mashine. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro itafanya polepole, na hapo ndipo kuchagua fremu mapema kunalipa: inachora fremu 13, si 60. Ipe fremu kubwa za 640, kwa sababu uso mdogo sana haugunduliki vizuri, kisha upunguze baadaye.

Uzito. Programu huchora kila fremu peke yake, bila kukumbuka ilichora nini kabla. Kwa hiyo shavu ambalo halikusogea linapata kivuli tofauti kidogo katika kila fremu. Jicho linaliona kama kumetameta. Faili linaliona kama mabadiliko ya kuandikwa upya. Zipe fremu zako za mwisho majina f01.png hadi f13.png, na unaweza kuyaona mwenyewe:

```
ffmpeg -framerate 10 -i f%02d.png -vf "format=gbrp,tblend=all_mode=difference,format=yuv420p" tofauti.mp4
```

Video inayotoka ni nyeusi pale ambapo hakuna kilichobadilika kati ya fremu mbili. Ukiona uso unawaka wakati shangazi ametulia, hilo ndilo kumetameta. Dawa rahisi ni ileile ya mwanzo: sehemu tulivu ziwe na fremu moja au mbili zinazokaa muda mrefu. Fremu moja haiwezi kumetameta.

Kifaa na faragha. Usipokuwa na kompyuta utaishia kwenye tovuti na programu za simu zinazofanya kazi hiyo kwenye seva zao, mara nyingi kwa kuweka nembo juu ya toleo la bure. Hapo umepakia nyuso mbili za watu kwa mtu usiyemjua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini seva yenyewe inaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Muulize bwana harusi, muulize na shangazi. Na kwa sababu njia hii ndiyo inayoweza kumfanya mtu aonekane kasema au kafanya jambo ambalo hakulifanya, usiitumie kwa mtu ambaye hakukubali, hata kama nia ni mzaha.

Inamfaa mwenye kompyuta nzuri na klipu ambayo uso unaongea au kubadilika sana, ilimradi sura ziwe zimeelekea mbele kwa sehemu kubwa na vichwa vya watu hao wawili vinakaribiana umbo.

## Kupunguza faili, njia yoyote uliyotumia

Kwanza jiulize kama unahitaji GIF kweli. WhatsApp ikipokea GIF huigeuza kuwa video fupi. Kwa grupu la familia, tuma MP4 na ubonyeze GIF kwenye skrini ya kukata video kabla ya kutuma. Itajirudia, itakuwa na rangi zote, na itakuwa nyepesi zaidi. GIF halisi ibaki kwa barua pepe na kurasa zinazoidai.

Ukiihitaji, rangi zipunguzwe mara moja tu, mwishoni kabisa, kutoka kwenye zile f01.png hadi f13.png:

```
ffmpeg -framerate 10 -i f%02d.png -vf "scale=320:-1:flags=lanczos,split[a][b];[a]palettegen=max_colors=96:stats_mode=diff[p];[b][p]paletteuse=dither=bayer:bayer_scale=4:diff_mode=rectangle" uso.gif
gifsicle uso.gif -d50 "#0" -d10 "#1-10" -d25 "#11-12" -O3 --lossy=60 -o uso-dogo.gif
```

`stats_mode=diff` inazipa kipaumbele rangi za sehemu zinazosogea, yaani uso, badala ya kuzimalizia kwenye vigae vya jikoni. `bayer` ni aina ya madoadoa yanayokaa mahali pamoja. Aina nyingine, `floyd_steinberg`, ni nzuri kwa picha moja, lakini madoadoa yake yanahama kila fremu hata ukutani, na faili linavimba. Mstari wa pili ni wa gifsicle, programu ndogo ya kuhariri GIF, na unaweka muda tuliopanga: nusu sekunde kwa fremu ya kwanza, sehemu ya kumi kwa zile 10, robo kwa mbili za mwisho.

Rangi 96 zikionekana chache, na shavu lina mistari kama ramani ya milima, usikimbilie kuongeza. Angalia kwanza kama uso uliobandika una mwanga wa jua wakati jiko lina taa ya njano. Paleti, yaani ile orodha ya rangi 96, inalazimika kubeba ngozi mbili tofauti. Sawazisha rangi ya uso na ya shingo kabla ya kubandika, na rangi 96 zilezile zitatosha.

Stika ina masharti yake. Ya WhatsApp ni WebP ya 512 kwa 512, isiyozidi kilobaiti 500 na sekunde 10. Ya video ya Telegram ni WEBM ya VP9, upande mmoja pikseli 512, isiyozidi sekunde 3 na kilobaiti 256. Kwa stika, kukata mandhari yote na kubakiza kichwa na mwiko ndilo punguzo kubwa kuliko yote.

## Kwa hali yako

Una simu tu na mtu anatazama kamera: fuatisha, kisha tuma kama MP4.

Una klipu kama hii ya jikoni, yenye mgeuko na mwiko, na kompyuta ya kawaida: fremu 13 kwa mkono, mandhari imegandishwa. Kama mkono wako mzito, bandika fremu 6 tu za kugeuka badala ya 10 na uzipe mia 16 au 17 kila moja. Mwendo utakuwa wa kukatakata, lakini kwa kichekesho unakubalika.

Mtu anaongea kwenye klipu na maneno yake ndiyo kichekesho: programu ya kutambua sura, na pitia kila fremu ukitafuta ile iliyobaki na sura ya mwenyewe.

Uso ni wa ubavu mwanzoni na wa mbele mwishoni, na programu inakosa ule wa ubavu: changanya. Iachie programu fremu za mbele, zile za ubavu zimalize kwa mkono kwenye GIMP, halafu paleti moja kwa zote.

Unatengeneza stika ya Telegram na faili linagoma kushuka chini ya kilobaiti 256: kabla ya kupunguza ubora, toa fremu mbili za katikati ya mgeuko na utazame tena. Mara nyingi hakuna anayezikumbuka.